Zawadi na ukarimu: muhtasari wa sera kwa wakuu wa idara

Kutoka: Kitengo cha Sheria na Uzingatiaji, Kurasini
Kwa: Wakuu wote wa idara na wasimamizi wa matawi, Dar es Salaam
Tarehe: 17 Novemba 2025

Sera kamili ina kurasa 22 na najua wengi hamjaifungua. Msimu wa vikapu umeshapiga hodi. Mwaka jana vilirundikana mapokezi mpaka mlinzi akaanza kuandika majina ya walioleta nyuma ya bahasha. Kwa hiyo someni walau haya.

Viwango

Zawadi isiyozidi shilingi 50,000 (kalenda, shajara, khanga, keki ya ofisi): pokea, shukuru, endelea na kazi. Mtu yuleyule akileta kwa mara ya nne ndani ya miezi 12, jumlisha zote na uzihesabu kama zawadi moja.

Kuanzia 50,001 hadi 200,000: kibali cha maandishi, kisha daftari.

Zaidi ya 200,000: rudisha. Ikishindikana kurudisha, ilete kwetu.

Chakula au hafla: hadi 80,000 kwa kichwa, mwenyeji akiwepo mezani. Akikulipia nawe ukaenda na familia yako, hiyo ni zawadi, si kikao.

Fedha: sifuri. Pesa za simu, vocha na kadi za manunuzi zimo humohumo. Ukiiita "ya soda", "nauli" au "asante", bado ni fedha.

Zabuni ikishatangazwa, mpaka mkataba usainiwe, viwango vyote hapo juu vinalala. Hata kalenda irudi. Kwangu mimi hiki ndicho kipengele kizito kuliko vyote: shajara ya 15,000 iliyoletwa siku ya kufungua bahasha inanitia wasiwasi kuliko kikapu cha 150,000 kilicholetwa Desemba na mtu asiyetutegemea kwa lolote.

Watumishi wa umma

Bandarini, forodha, halmashauri: hatumpi mtu kitu cha thamani yoyote bila kibali chetu kabla. Maji, soda na vitafunwa vya kikao ofisini kwetu vinaruhusiwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 15, inambana anayetoa sawa na anayepokea, na kuahidi tu kunatosha kuwa kosa. Haiishii serikalini, wakala wa kampuni binafsi naye yumo.

Kadi za michango

Hapa ndipo simu nyingi zinapotoka. Ukipewa kadi ya harusi au send-ofu na mzabuni, changia kwa pesa yako ukipenda. Ya kampuni haiguswi. Kinyume chake ndicho kilichokatazwa: usimpelekee kadi mzabuni ambaye wewe ndiye unayemsainia ankara. Hawezi kukataa, nawe unalijua hilo. Kumwingiza kwenye kundi la wasapu la kamati ni kumpa kadi vilevile. Kama mzabuni ni ndugu au rafiki wa siku nyingi na amechanga mwenyewe, andika daftarini, na ankara zake zisainiwe na mwingine kwa miezi 6. Misiba imeachwa nje. Rambirambi haihitaji kibali, ila ikizidi 200,000 iandikwe.

Kibali

Tuma barua pepe kabla ya kupokea, au ndani ya siku 2 za kazi kama kitu kimekukuta mezani. Mkuu wa idara anaamua hadi 200,000. Ya mkuu wa idara mwenyewe inaamuliwa na Mkurugenzi wa Fedha, kwa sababu hakuna anayejipitishia. Kinachozidi hapo na kimeshindikana kurudishwa kinahitaji sisi pamoja na Mkurugenzi Mtendaji, siku 3. Kimya chetu si ruhusa.

Daftari

Andika na ulivyokataa. Hivyo ndivyo vinavyokulinda siku ukiulizwa. Maingizo matatu ya mfano:

Na. 41, 6 Oktoba. Msafirishaji wa makontena kwa msimamizi wa ghala. Kikapu: mchele, mafuta, juisi. Thamani 120,000 kwa bei za dukani Kariakoo. Hakuna zabuni iliyo wazi. Kimekubaliwa na mkuu wa idara, kimegawiwa kantini.

Na. 42, 9 Oktoba. Muuza matairi kwa ofisa manunuzi. Pesa ya simu 100,000, bila taarifa. Imerudishwa siku hiyohiyo. Ujumbe wa muamala umeambatishwa.

Na. 43, 21 Oktoba. Sisi kwa mteja, chakula cha mchana Masaki, watu 4, jumla 260,000. Mada: ratiba ya mizigo ya Januari. Kibali kabla.

Usiandike "zawadi ndogo" wala "kitu cha kawaida". Taja kitu, bei, na bei umeipata wapi.

Vikapu vyote vya mwaka huu vipokelewe mapokezi, si nyumbani wala kwenye buti la gari. Ambacho hakijaandikwa tangu 1 Julai kiandikwe kabla ya Ijumaa, 28 Novemba; hadi siku hiyo sitamuuliza mtu kwa nini amechelewa. Anayeombwa kitu na mtumishi wa umma anipigie kwanza, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.