Kitufe cha Nyumba

"Mama, geuza simu. Naona dari."

"Dari la nani?"

"La kwako. Lile doa la maji limekua."

"Umekuja kufundisha au kukagua nyumba?"

Kijiti cha kuiingiza tivii kwenye intaneti alikileta Mjomba kutoka Maskati, akaondoka bila kukifunga. Leipzig ilikuwa saa kumi na mbili jioni, giza la Januari, nimejifunika blanketi na sahani ya wali mapajani. Kwetu Ngamiani, Tanga, ilishatimu saa mbili usiku, na feni naisikia ikigonga.

Kijiti kiliwaka, kikazima, kikawaka tena. Nikamwambia anionyeshe nyuma ya tivii. Waya ameuchomeka kwenye tundu la USB la tivii yenyewe, na kile kizee chetu hakitoi umeme wa kutosha.

"Chukua kichwa cha chaji ya simu, uchomeke ukutani."

Kikatulia. Tukachagua HDMI 2, picha ikaja.

"Sasa rimoti ndogo. Bonyeza kitufe chenye picha ya nyumba, usikiachie, hesabu mpaka kumi."

"Bismillahi. Moja. Mbili..."

Alihesabu kama anayepima mchele wa mkopo. Kumi ikafika, kimya.

"Mama, hebu nione hiyo rimoti."

Ilikuwa ya king'amuzi.

Tulicheka mpaka simu ikamponyoka, nikabaki natazama mkeka. Alipoiokota nilimwona uso mzima kwa mara ya kwanza usiku ule. Amekonda. Sikusema, maana angenijibu kwamba mimi ndiye niliyekonda.

Mtandao ulikuwa wa simu yake, ile ile tuliyokuwa tukizungumzia. Pasiwedi tuliiandika herufi moja moja.

"Mshale wa kulia, Mama."

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kulia ni kulia tu!"

"Usinifokee. Wewe kushika kalamu nilikufundisha wiki tatu, na ulikuwa unailamba."

Nikashusha sauti. Kulia, kulia, chini, katikati. Ilituchukua dakika ishirini, tukakosea mara mbili. Kisha YouTube ikafunguka, Mama akabonyeza kipaza sauti na kukiamrisha kwa sauti ya kuita mtoto aliye uwanjani: "Taarabu!"

Fidla zikajaa sebuleni. Akaniegemeza kwenye kopo la sukari, nikiitazama tivii, naye akakaa pembeni ya kamera. Nikawa naona goti lake tu, likienda na mdundo. Wali wangu ulishapoa. Sikukata.

Katikati ya wimbo wa pili picha ikaganda, goti likiwa juu. Bando. Kijiti na mimi tulikuwa tumelila pamoja.

Nilimtumia salio. Nusu saa baadaye ukaingia ujumbe:

"Limefika. Nimeweka wimbo mwingine mwenyewe, nyumba nimeijua. Kesho piga saa hii hii unifundishe tena."