Kutoka kwenye rafu yako: anza na Utengano

Dada, picha ya rafu uliyonitumia ukiuliza usome nini sasa nimeikuza, nikasoma migongo ya vitabu vyote isipokuwa miwili ya mwisho kulia, pale mwanga wa dirisha ulipoipiga. Kipige picha tena hicho chembamba cha kijani, huenda ni kimojawapo ninachotaka kukutajia.

Unasema unapenda hadithi za mapenzi. Rafu inasema jingine. Vilivyochakaa ni Kuli, Rosa Mistika na Vuta n'kuvute, hiki cha mwisho mpaka mgongo umepasuka. Mapenzi yamo, ila kinachokushika humo ni mtu aliyebanwa: na kazi ya bandarini, na baba mkali, na ndoa ya mume mzee asiyemtaka. Kwa hiyo natafuta watu waliobanwa.

Anza na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, mtu wa heshima nje na dhalimu nyumbani. Siku anapotoroka haangukii kwenye uhuru, na hapo ndipo riwaya inapokolea. Inasomeka hata ukiwa umesimama kwenye mwendokasi kutoka Kimara.

Cha pili, Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972): Mwinyi, tajiri mzee, anamtaka Bahati, na anamtumia Idi kumpata. Hapo utapata mapenzi yako, lakini yana bei. Kiswahili chake ni cha Unguja, kitamu, kisome taratibu.

Kwa kuwa Adam Shafi umemmaliza mara mbili, kwenye Kuli na Vuta n'kuvute, ongeza Haini (2003), ya watu waliotiwa gerezani baada ya Karume kuuawa mwaka 1972. Ni nzito. Usiianze wiki yenye msiba.

Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iache iwe ya nne. Yusuf anatolewa rehani kwa deni la baba yake, kisha safari ya bara inachukua nafasi kubwa. Ukiifungua huku unataka kisa cha haraka utaichoka bure.

Nagona usinunue sasa. Wengi waliopenda Rosa Mistika huidaka kwa kuwa mwandishi ni Kezilahabi yuleyule na kitabu ni chembamba, halafu wanakwama kurasa za mwanzo. Kisa cha kawaida hakimo, ni fumbo juu ya fumbo. Na Kusadikika, ambayo tikiti ya basi imebaki karibu na jalada la mbele, irudishe tu rafuni bila aibu.

Dukani taja jina la kitabu pamoja na mwandishi. Said Ahmed Mohamed, Mohamed Suleiman Mohamed na Muhammed Said Abdulla wa hadithi za mpelelezi Bwana Msa huchanganywa kila siku. Utengano pia iliwahi kutahiniwa mashuleni, hivyo unaweza kupewa mwongozo badala ya riwaya: ukiona maswali na "dhamira" mwishoni mwa sura, rudisha. Kwa mitumba ya mjini, fungua kurasa kumi za mwisho kabla ya kulipa. Ndizo hung'oka kwanza.