Kasi zinazohusiana: majibu ya maswali manne, pamoja na njia

Nimemaliza kusahihisha karatasi zenu. Kutofautisha mnajua. Mnakwama kabla ya hapo, pale mnapoamua herufi ipi isimamie kitu gani. Kwa hiyo hapa nimekaa zaidi kwenye vigeu, na hesabu yenyewe nimeipita haraka.

Swali la 1. Ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta. Kitako chake kinateleza kwenda mbali na ukuta kwa mita 0.3 kwa sekunde. Ncha ya juu inashuka kwa kasi gani kitako kikiwa mita 3 kutoka ukutani?

Umbali wa kitako ni x, kimo cha ncha ni y. Vyote viwili vinabadilika. Urefu wa ngazi haubadiliki, kwa hiyo hauhitaji herufi.

x² + y² = 25
2x(dx/dt) + 2y(dy/dt) = 0

Sasa ndipo tunaingiza x = 3, y = 4: dy/dt = −(3/4)(0.3) = −0.225. Ncha inashuka kwa mita 0.225 kwa sekunde. Baadhi yenu mliandika 3² + y² = 25 mapema, mkatofautisha, mkapata dy/dt = 0. Ngazi mmeigandisha wenyewe! Ile 3 ni picha ya sekunde moja tu, na haiingii mpaka umeshatofautisha.

Swali la 2. Tangi lenye umbo la koni, ncha ikitazama chini, lina kimo cha mita 6 na nusukipenyo cha mita 2 mdomoni. Maji yanaingia kwa mita za ujazo 2 kwa dakika. Kina kinapanda kwa kasi gani kikiwa mita 4?

Hili ndilo lililowaangusha wengi. Chora tangi, kisha ndani yake chora koni ya pili, ya maji. V, r na h ni vya maji, si vya tangi. Namba 2 na 6 ni za tangi, nazo hazibadiliki.

V = (1/3)πr²h

Tunajua dV/dt na tunatafuta dh/dt. Hiyo r imekuja bila kualikwa: hatujapewa kasi yake wala hatuulizwi. Herufi ya namna hiyo huondolewa kabla ya kutofautisha, na kinachoiondoa ni umbo la tangi. Kata koni katikati, utaona pembetatu mbili zinazofanana: r/h = 2/6, yaani r = h/3. Basi

V = πh³/27
dV/dt = (πh²/9)(dh/dt)
2 = (16π/9)(dh/dt)
dh/dt = 9/(8π) ≈ 0.358

Ni mita 0.358 kwa dakika. Waliobaki na r = 2 walipata 0.477, kwa sababu tangi lao kwenye karatasi halina tofauti na lenye kuta zilizosimama wima. Njia ya kujihakiki: uso wa maji una eneo la π(4/3)² = 16π/9, na 2 ukigawa kwa eneo hilo unapata jibu lilelile. Mimi huanza na hakiki hii hata kabla ya kusoma kazi ya mwanafunzi.

Swali la 3. Mtu wa mita 1.8 anatembea kwa mita 1.4 kwa sekunde akiiacha taa iliyo juu ya nguzo ya mita 6. Ncha ya kivuli chake inakwenda kwa kasi gani akiwa mita 5 kutoka kwenye nguzo?

Soma tena: ncha ya kivuli, si urefu wa kivuli. Umbali wa mtu kutoka kwenye nguzo uwe x, urefu wa kivuli uwe s. Ncha iko kwenye x + s.

6/(x + s) = 1.8/s, hivyo s = 3x/7

ds/dt = (3/7)(1.4) = 0.6. Ncha: 1.4 + 0.6 = mita 2 kwa sekunde. Aliyeandika 0.6 amejibu swali jingine. Na zile mita 5? Hazikutumika popote. Niliziweka kwa makusudi.

Swali la 4. Roketi inapaa wima, mita 400 kutoka kwenye kamera iliyo chini. Ikiwa juu mita 300 na kasi yake ni mita 100 kwa sekunde, pembe ya kamera inaongezeka kwa kasi gani?

Kimo ni y, pembe ni θ. Ukitumia sin θ, unaleta umbali wa kamera hadi roketi, nao unabadilika: kigeu cha tatu bure. Tan inagusa y na 400 tu.

tan θ = y/400
(1/cos²θ)(dθ/dt) = (1/400)(dy/dt)

Kiegama wakati huo ni 500, hivyo cos θ = 0.8, na dθ/dt = 0.64 × 100/400 = 0.16. Ni radiani kwa sekunde. Walioandika digrii nimewakata alama moja.