Vifurushi vya miadi: Dagaa, Sato na Sangara

Hivi ni vifurushi vitatu vya mfumo wetu wa miadi, ambamo mteja wako anajichagulia saa mwenyewe. Bei ni za mwezi, kwa shilingi ya Tanzania, na VAT imo ndani. Ukilipa mwaka mzima kwa mkupuo unalipia miezi 10 na kutumia 12.

Dagaa: bure

Kalenda moja, aina moja ya miadi, idadi ya wateja haina kikomo. Kalenda ni akaunti yako ya Google, Outlook au iCloud. Mfumo unaisoma ili mteja asipewe saa ambayo tayari una shughuli. Aina ya miadi ni huduma yenye muda wake: kusuka rasta ni aina moja ya saa tano, kuosha na kukausha ni nyingine ya dakika 45. Kwa hiyo msusi wa Kirumba anayefanya zote mbili Dagaa haitamtosha, ila fundi cherehani anayeita watu kupima tu anaweza kukaa humu miaka. Uthibitisho unakwenda kwa barua pepe. SMS hakuna, kwa sababu kila moja tunailipia kwenye mitandao ya simu.

Sato: 18,000/=

Kalenda tatu, aina za miadi bila kikomo, SMS 200 za vikumbusho, na kupokea malipo. Kama unafanya kazi peke yako, chukua hiki. Kalenda ya kazi, ya nyumbani na ya kwaya zinasomwa pamoja. Kikao cha wazazi shuleni kinaziba saa yako, na mteja haoni sababu, anaona tu kwamba saa hiyo haipo.

Vikumbusho vinaondoka vyenyewe, siku moja kabla na saa mbili kabla, na unaweza kubadili muda huo. Mteja anapata hivi:

"Habari Neema, una miadi ya kusuka kesho Jumamosi saa 4:00 asubuhi, Kirumba. Jibu 1 kuthibitisha, 2 kuahirisha."

Kalenda yako inasema 10:00. Mfumo unaandika saa 4:00 asubuhi. Ukichagua Kiingereza kwa mteja fulani, ataandikiwa 10:00. Ujumbe ni wako kuuhariri, ila angalia urefu: SMS moja inabeba herufi 160, na ukiweka emoji hata moja inashuka hadi 70, yaani ujumbe uleule unakula SMS mbili. Ukiwa na wateja wa Ukerewe, wawekee kikumbusho cha jana yake jioni. Cha saa mbili kabla hakimsaidii mtu ambaye meli ya Nansio imeshamwacha. SMS zikiisha, 100 za nyongeza ni 3,500/=.

Malipo ndiyo yanayowafanya wengi watoke Dagaa. Mteja akichagua saa, ombi la malipo linatokea kwenye simu yake, iwe M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa. Anaweka namba ya siri na nafasi inafungwa kwa jina lake. Asipolipa ndani ya dakika 15, nafasi inarudi sokoni. Wewe ndiye unayeamua kama ni bei yote au kianzio tu, na kwa kila aina ya miadi kivyake: rasta kianzio 10,000/=, kuosha bila kianzio. Fedha inaingia kwenye namba yako ya biashara siku ya kazi inayofuata. Sisi tunakata asilimia 2. Makato ya mtandao wa simu ni mbali. Sharti la kurudisha kianzio unaliandika mwenyewe na mteja analiona kabla ya kulipa. Ujumbe wetu wa malipo si risiti ya EFD. Hiyo unaendelea kuitoa mwenyewe.

Sangara: 15,000/= kwa kila mtu, kuanzia watu watatu

Yote ya Sato, kalenda sita kwa kila mtu, SMS 300 kwa kila mtu zinazotumika kwa pamoja, na malipo ya kadi za Visa na Mastercard. Kliniki ya meno Nyakato inampa mgonjwa daktari yeyote aliye wazi, kwa zamu. Mwenye boti ya kupeleka wageni Saanane anaweka safari moja ya nafasi 12, ikijaa, inajifunga. Uko peke yako? Usinunue hiki, hata kama unataka kadi tu. Utalipia watu wawili ambao hawapo.

Kupanda na kushuka

Kupanda ni papo hapo, unalipa tofauti ya siku zilizobaki. Kushuka kunaanza mwezi ukiisha. Ukirudi Dagaa unachagua aina moja ya miadi ibaki wazi. Nyingine zinafichwa, hazifutwi. Miadi iliyokwisha wekwa inabaki na kianzio kilicholipwa hakiguswi, ila vikumbusho vya SMS vinasimama siku hiyohiyo, kwa hiyo wapigie wateja wa wiki hiyo mwenyewe.