Hati ya Kamati ya Maadili ya Utafiti Unaotumia Akili Mnemba kwa Taarifa za Binadamu

Ibara ya 1: Kuundwa na madaraka

Seneti ya Chuo Kikuu inaunda Kamati ya kupitia kila utafiti wa mwalimu, mwanafunzi au mshirika wa Chuo, katika kampasi za Unguja na Pemba, unaotumia akili mnemba kukusanya, kuchambua au kutabiri jambo kutokana na taarifa za watu. Kazi yoyote ya namna hiyo haitaanza kabla ya idhini ya maandishi, na idhini haitatolewa kwa kazi iliyokwisha kufanyika.

Kamati itafuata Azimio la Helsinki na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Idhini yake haichukui nafasi ya kibali cha utafiti cha Serikali, wala ya idhini ya kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya Zanzibar pale utafiti unapohusu wagonjwa.

Ibara ya 2: Wajumbe

Kamati itakuwa na wajumbe tisa watakaoteuliwa na Seneti kwa miaka mitatu: wataalamu wa kompyuta, takwimu, sheria, tiba, elimu na sayansi ya jamii, mwakilishi mmoja wa wanafunzi wa uzamili, na raia wawili wasioajiriwa na Chuo, mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Wanawake hawatapungua watatu, na wanaume vilevile. Akidi ni wajumbe watano, lakini kikao kisichokuwa na raia hata mmoja kati ya hao wawili hakitapitisha uamuzi, kwa kuwa ndio wanaosimama mahali pa mtu anayeombwa taarifa zake. Mjumbe mwenye maslahi katika andiko la utafiti atayatamka na kutoka nje wakati linapojadiliwa.

Ibara ya 3: Ridhaa

Mshiriki ataelezwa, kwa Kiswahili anachokielewa na kwa mdomo pale anapotaka, ni taarifa zipi zinachukuliwa, zitahifadhiwa wapi, nani atazitumia, na kama zitatumika kufunza modeli, yaani mfumo wa akili mnemba unaojifunza kutokana na taarifa hizo. Ataelezwa pia ukweli ambao watafiti wengi huupitia mbiombio: kwamba anaweza kujitoa na kumbukumbu yake ikafutwa, lakini modeli iliyokwisha kufunzwa kwa kumbukumbu hiyo huenda isiweze kuisahau. Kwa hiyo mtafiti atataja tarehe ya mwisho ya kujitoa, na mafunzo ya modeli hayataanza kabla ya tarehe hiyo.

Ruhusa ya sheha, mwalimu mkuu au mganga mfawidhi humfungulia mtafiti mlango wa shehia, skuli au hospitali. Haihesabiki kuwa ridhaa ya mtu aliyemo ndani. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ataridhia, na mtoto mwenyewe ataulizwa kwa kiasi cha umri wake, akikataa, hachukuliwi. Taarifa zilizokusanywa kwa tiba au usajili wa wanafunzi hazitahamishiwa kwenye utafiti kwa hoja tu kwamba tayari zimo kwenye kompyuta.

Ibara ya 4: Kufichika kwa mshiriki

Katika visiwa vyetu kuondoa jina pekee hakutoshi. Faili lenye maneno “mwanamke, miaka 52, mkunga, Tumbatu” halina jina, na bado jirani atamtambua mara moja. Sauti nayo humtaja mwenyewe: rikodi ya mvuvi wa Makunduchi humtambulisha kwa lafudhi yake kabla hajataja chombo chake. Mtafiti ataonesha kwa hiyo jinsi atakavyokusanya umri katika makundi, atakavyopandisha eneo kutoka shehia hadi wilaya, na ni nani mwenye ufunguo wa rikodi asilia.

Taarifa za washiriki hazitabandikwa kwenye huduma ya akili mnemba ya mtandaoni isipokuwa Kamati imesoma masharti yake na kuridhika kwamba mtoa huduma hatazihifadhi kwa matumizi yake.

Ibara ya 5: Maamuzi

Kamati itajibu ndani ya siku 21 za kazi kwa kukubali, kukubali kwa masharti, kurudisha au kukataa, na itatoa sababu. Takwimu za jumla zisizomgusa mtu binafsi zitapitiwa na Mwenyekiti na mjumbe mmoja pekee.

Modeli inayopendekeza matibabu, alama au msaada haitaidhinishwa mpaka mtafiti aoneshe imepimwa kwa watu wa hapa, makosa yake yametenganishwa kwa jinsia, umri na kisiwa, na binadamu aliyetajwa kwa cheo ana uwezo wa kuukataa ushauri wake.

Ibara ya 6: Baada ya idhini

Idhini ni ya mwaka mmoja. Kubadilisha modeli, chanzo cha taarifa au mshirika wa nje kunahitaji idhini mpya. Taarifa zikivuja, mtafiti atamjulisha Katibu ndani ya saa 24, na Kamati inaweza kusimamisha kazi papo hapo.

Mtafiti asiyeridhika atakata rufaa kwa Seneti ndani ya siku 30. Mshiriki mwenye malalamiko atayapeleka kwa Katibu, kwa mdomo au kwa maandishi, katika kampasi yoyote, bila ya kupitia kwa mtafiti. Hati hii inaanza kutumika siku ya kupitishwa na Seneti.