Jibu zuri lisibaki kwa simu ya mdosi

Haya watu wangu, oyawore, habari za asubuhi. Wale wa nyuma sogeeni hapa mbele, viti ziko, sina maikrofoni na hii sauti haiwezi shindana na boda za Kondele.

Wacha nianze na kitu ilinifanyikia mimi mwenyewe. Wakati nilikuwa nauza spea za pikipiki, maswali yote ya WhatsApp nilikuwa najibu mimi. Mtu akiuliza cheni seti ya Boksa, kabla nitaje bei namuuliza, Boksa yako ni BM 100 ama BM 150, spuroketi ya nyuma ina meno ngapi, hesabu, ukishindwa piga picha ya ile ya zamani unitumie. Hayo maswali nilijifunza kwa hasara na nilikuwa nayaandika karibu kila siku. Sasa tukapata matanga nyumbani, nikaenda Siaya siku nne, simu ya duka nikaachia kijana wangu. Mteja wa Bondo akaitisha cheni seti, kijana akamwambia bei, pesa ikaingia, mzigo ukapandishwa matatu. Haikuingia kwa pikipiki. Nikalipia mzigo kurudi, nikalipia mwingine kwenda, na huyo mteja hajawahi nitafuta tena. Nilikasirikia kijana sana, mpaka akaniuliza, "Sasa bosi, mimi ningejuaje?" Na jibu lilikuwa ndani ya hiyo hiyo simu alikuwa ameshika! Limeandikwa na mkono wangu mara nyingi sana, lakini limezikwa chini ya meseji za chama na picha za maua za habari ya asubuhi.

Hiyo ndio imenileta hapa leo. Wewe mama wa mitumba pale Kibuye, wewe wa keki, wewe wa agroveti, kuna jibu umeshaandika vizuri kabisa, limemtuliza mteja, limeuza. Hiyo ni mali ya biashara kama vile stoki ni mali, na saa hii iko kwa simu moja na kwa kichwa ya mtu mmoja.

Sasa msianze kuhifadhi kila kitu, mtachoka wiki ya kwanza. Mimi naangalia chati za aina tatu tu. Swali limerudi mara tatu, hilo lihifadhiwe. Mteja alikuja na hasira na akaondoka ametulia, hiyo nayo, na hapo hifadhi mpaka mpangilio wa maneno, ulianza na pole ama ulianza na maelezo, kwa sababu mfanyikazi mpya akitukanwa asubuhi hana nafasi ya kutunga maneno. Ya tatu ni makubaliano na saplaya: bei, siku ya kuleta mzigo, nani anabeba hasara ikiharibika njiani.

Mchana ukiwa bize usihangaike. Finya hiyo meseji, weka nyota, endelea na kazi. Jioni ukifunga duka unafungua Starred, zote ziko hapo zinakungoja, dakika kumi tu.

Hapo jioni ndio kazi yenyewe iko na hapo ndio wengi wanakosea, wanapiga skrinshoti wanarusha kwa grupu ya wafanyikazi. Skrinshoti ina jina ya mteja, namba yake, pengine namba ya malipo ya M-Pesa na mahali anaishi. Huyo mtu alikuandikia wewe anunue keki, hakukuandikia ndio wafanyikazi watano wajue nyumba yake iko wapi. Na tuko na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, haisemi duka dogo lichezee habari za watu. Kwa hivyo kopi maneno, toa mtu, bakisha jibu.

Niwape mfano wa keki. Chati ya kweli inakaa hivi: "Sawa mama Brayo, ya kilo mbili ni ile bei ya last wiki, tuma depo nusu kwa ile till, nitaleta Milimani kwa geti ya bluu Jumamosi." Mfanyikazi akisoma hiyo hajaelewa kitu, bei ya wiki jana ni gani? Sasa isafishe: "Asante kwa oda. Keki ya kilo mbili ni shilingi 3,200. Tunaanza kuoka ukishalipa nusu, inayobaki unalipa ukipokea. Tunahitaji siku mbili kabla. Tafadhali tuambie siku, saa, na maneno ya kuandika juu ya keki." Halafu chini, kwa ajili ya wafanyikazi peke yao, andika tarehe ya hiyo bei na ni nani aliikubali. Bei bila tarehe ni hatari kuliko kukosa bei, mtu atauza kwa bei ya mwaka jana na ana ushahidi umemwandikia wewe mwenyewe.

Sasa inawekwa wapi. Kama mnatumia WhatsApp Business, ingia kwa Business tools, utaona Quick replies. Unaweka jibu lako na neno fupi la kuliita. Mfanyikazi akiwa kwa chati anaandika

```
/keki2
```

na jibu linatokea, anabadilisha kidogo, anatuma. Zinaingia mpaka 50, na kwa maduka mengi nimeona 15 zinatosha. Maneno ya kuita yawe yale wafanyikazi wanaongea, kama wanasema "depo" iite /depo, usiite kitu cha ofisini hakuna mtu atakumbuka.

Yale marefu, kama makubaliano ya saplaya, yafungulie grupu yake, wafanyikazi tu, na uweke setingi ya admin peke yake kutuma. Ikibaki wazi kila mtu atatuma video na mtarudi palepale. Kila meseji ianze na neno moja la kutafutia, BEI, MALALAMIKO, SAPLAYA, mtu akisachi inatoka. Na tafadhali angalieni kama Disappearing messages imezimwa hapo, nimeona mtu akipanga grupu vizuri sana halafu baada ya siku 90 kila kitu imeyeyuka.

Halafu simu inaibiwa, mnajua stendi yetu. Washa bakap ya Google Drive leo, na kwa chati ya saplaya mkubwa, tumia Export chat bila picha, jitumie kwa imeili kila mwisho wa mwezi. Mfanyikazi akiacha kazi mtoe kwa grupu siku hiyo hiyo, hata kama mmeachana vizuri, na uangalie Linked devices kama kompyuta yake bado imeshikana na simu ya duka.

Kitu kingine, wafanyikazi wasikopi jibu kama kasuku. Mteja akiandika kwa Kijaluo mjibu kwa Kijaluo, akiwa amefiwa usimtupie /depo usoni.

Sawa. Chai inaingia saa nne. Kabla ya chai kila mtu atoe simu, atafute swali moja wateja walimuuliza wiki hii zaidi ya mara tatu, aweke nyota kwa jibu lake zuri kuliko yote, halafu aliandike upya bila jina ya mtu. Nitapita kwa kila kiti nisome. Mama wa agroveti, nianze na wewe, hiyo ya dawa ya kupe uliniambia hapo mlangoni.