Mama Chanja wa Kibirizi: klipu na maneno ya kumkaribisha jukwaani

(Mkutano wa wachakataji wa dagaa, Kigoma mjini. Fundi azime taa za mbele, sauti ya spika ijaribiwe mapema. Mshereheshaji asiseme lolote kabla ya klipu.)

KLIPU, sekunde 45

Mwalo wa Kibirizi, asubuhi. Mikono ya mwanamke inamwaga dagaa wakavu kwenye sinia jeupe, inawakung'uta, inawaondoa. Kamera inasogea karibu: sinia limebaki na mchanga.

SAUTI YAKE: Huyu kakaukia chini. Ukimla, mchanga unausikia kwenye meno.

Sinia la pili. Anamwaga, anakung'uta, anaondoa. Sinia safi.

SAUTI YAKE: Huyu ni wa chanjani. Mtumbwi ule ule, usiku ule ule. Mvuvi kakesha ziwani na taa zake mpaka alfajiri. Mimi nikimwanika vibaya, jasho lake nimelimwaga.

Anatazama juu. Wingu zito. Anakimbilia turubai.

SAUTI YAKE: Mvua hiyo, jamani! Shikeni huku!

Giza.

MSHEREHESHAJI (aanze taa zikiwa bado zimezimwa)

Turubai liliwahi. Dagaa wote wa chanja ile walipona.

(Taa ziwashwe.)

Ndugu zangu, nimetaka muione mikono yake kwanza, kabla hamjasikia sifa kutoka kwangu. Kila aliyewahi kuanika mwaloni anaijua mbio ile ya turubai. Anajua pia mzigo ukilowa chini unavyonuka kesho yake, na mchuuzi anavyoupita bila hata kuuliza bei.

Mwaka 2024 ziwa letu la Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Tuliokaa miezi ile mitatu bila dagaa tunajua kila kilo ina uzito gani nyumbani. Kwa hiyo mimi naona uchungu sana tunapoyabishania maboti na nyavu, halafu dagaa aliyekwisha kufika nchi kavu tunamwachia mchanga, kuku na mvua.

Mama huyu anaanika juu ya chanja ya waya, kimo cha kiuno. Hewa inapita chini na juu, maji yanachuruzika, na dagaa anakauka upesi. Mwaloni wamemwita Mama Chanja mpaka jina la nyumbani limesahaulika. Leo hatatusomea karatasi. Atatueleza mbao na waya anavipata wapi, dagaa watandazwe wembamba kiasi gani, na kwa nini wanawake watano wakichangia chanja moja inawalipa kuliko kila mtu na yake. Hilo la mwisho msikilize vizuri, maana najua lina ubishi humu ndani.

Yale masinia mawili ya kwenye video amekuja nayo, yatapita mkononi kwenu. Wa nyuma, sogeeni mbele, viti vipo.

Mama, shikamoo. Karibu, kipaza sauti hiki hapa.